Bajeti ya Shule: Kifungu cha Dizeli (Sehemu ya 2)

Wiki iliyopita tuliona jinsi shule nyingi zinavyopanga matumizi ya mwaka: mhasibu huchukua bajeti ya mwaka jana, huongeza asilimia 5 au 10 kwa ajili ya kupanda kwa bei, kisha bodi hupitisha. Hii tuiite bajeti ya mwendelezo. Ya pili ni bajeti ya kuanzia sifuri, ambayo kila kifungu hurudi mezani kikiwa hakina hata shilingi moja mpaka mhusika aeleze kazi yenyewe, kiasi chake na bei yake. Leo nitafuata kifungu kimoja tu, cha dizeli ya jenereta, katika shule binafsi ya bweni ambayo niliwahi kuwa mjumbe wa bodi yake.

Kifungu hicho kilianza kwa hesabu sahihi kabisa. Shule haikuwa na umeme, na wanafunzi walijisomea saa tatu kila usiku. Jenereta ilinywa lita mbili na nusu kwa saa, na bweni lilikuwa na watu siku 270 kwa mwaka. Hizo ni lita 2,000 na kidogo, ambazo kwa bei ya 2,500 wakati ule zilifika shilingi milioni 5. Baadaye umeme wa gridi ukaingia. Kifungu hakikuguswa. Kila mwaka kiliongezewa asilimia 5, na baada ya miaka minne kikawa kimepita milioni 6.

Hapa ndipo ubovu wa mwendelezo ulipo. Bodi hujadili nyongeza, yaani zile laki tatu za mwaka huu, na mamilioni yaliyo chini yake hayaulizwi na mtu. Ukitaka kujua kama kifungu kimeshapitwa na wakati, angalia tarehe za stakabadhi. Katika faili letu, karibu nusu ya dizeli ilinunuliwa Novemba, wiki chache kabla ya shule kufungwa, kwa sababu fedha isiyotumika ingekatwa mwaka unaofuata.

Tuliamua kuanza sifuri. Fundi alikuwa na daftari la jenereta, na humo tulihesabu saa 96 za kukatika kwa umeme kwa mwaka mzima. Tukaweka nusu saa ya kuiwasha kila wiki ili isife, kwa wiki 40. Jumla ikawa saa 116, yaani lita 290, na kwa bei mpya ya 3,000 ni shilingi 870,000. Kwa furaha tulikuwa tayari kupitisha hiyo.

Mhasibu akanyoosha mkono. "Mwenyekiti, mkipitisha hivyo, mtoto akiugua usiku tutampeleka na nini?"

Kumbe gari la shule lilikuwa likijazwa mafuta kutoka kwenye kifungu cha jenereta kila lilipopeleka mgonjwa hospitali ya wilaya, kwa kuwa safari hizo hazikuwa na kifungu chake. Matroni alileta daftari la wagonjwa: safari 31, kilomita 48 kwenda na kurudi, gari likienda kilomita 8 kwa lita. Lita 186, shilingi 558,000. Tukafungua kifungu kipya kwa jina lake halisi. Vyote viwili vikawa 1,428,000 badala ya milioni 6 na zaidi.

Nalisisitiza jambo hili kwa sababu wengi huona kuanzia sifuri kuwa ni panga la kukata. Kifungu cha zamani huficha ubadhirifu, ndiyo, lakini huficha pia mahitaji ya kweli yaliyokosa jina. Anayekata bila kufungua madaftari atawaumiza wagonjwa kwanza.

Mbinu hii ina mipaka. Peter Pyhrr aliibuni katika kampuni ya Texas Instruments na kuiandikia makala mwaka 1970. Jimmy Carter akaipeleka kwenye serikali ya jimbo la Georgia, kisha ya Marekani yote mwaka 1977. Ilipofika 1981 Reagan aliiacha. Ilidai makaratasi mengi mno kila mwaka, hata kwa mambo yasiyobadilika. Shuleni ni vilevile: mishahara ya walimu wenye mikataba na michango ya mifuko ya hifadhi ya jamii haina haja ya kuanzishwa upya. Na mkuu wa idara akijua ataulizwa kila kitu, huomba chupa 20 za kemikali ili apewe 10. Dawa yake ni rejista ya stoo ya maabara, ioneshe zilizotumika kweli.

Sisi tuligawa vifungu makundi manne, kundi moja likianza sifuri kila mwaka, mengine yakiendelea na nyongeza ya kawaida. Mjumbe wa bodi unayesoma hapa, kabla ya kikao chako kijacho omba daftari la jenereta, la wagonjwa na la stoo. Yasipokuwepo, yafunguliwe Januari, kwa kuwa bila hayo hesabu ya kuanzia sifuri ni makisio tu.