Fahamu: Mtoto akiuza mboga Kawangware, je, ni ajira ya watoto?

Tuchukue mfano wa msichana wa miaka 14 anayeuza sukuma wiki kwenye kibanda cha mamake.

Sheria inapima nini?
Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 13, alipwe asilipwe. Wa miaka 13 hadi 16 anaruhusiwa kazi nyepesi tu, isiyodhuru afya wala kumkosesha masomo. Msichana wetu akisaidia saa moja jioni baada ya shule, hajavuka mpaka. Akibaki kibandani siku za soko huku wenzake wako darasani, amevuka, hata kama mwajiri ni mama mzazi.

Je, umaskini ni kisingizio?
Hapana, lakini ndio chanzo. Karo ya msingi iliondolewa katika shule za umma 2003, ila sare na chakula bado hugharimu. Kibera na Kawangware, watoto wengi husoma shule ndogo za kibinafsi zinazotoza karo. Karo ikichelewa, mtoto hurudishwa nyumbani, na kibanda kinamsubiri.

Je, kulazimisha mahudhurio kunatosha?
Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamwajibisha mzazi, hata kwa adhabu. Lakini faini hupunguza pesa zilezile za karo. Tena, daftari la mahudhurio halimwoni mtoto anayefika darasani akisinzia kwa kazi ya usiku. Mwalimu amuulize amelala saa ngapi.