Fahamu: Jina la mafuta ya nywele linapovuka mpaka

Chukua mfano wa mafuta ya nywele ya nazi yanayolenga wasichana. Jina la haraka ni Nazi. Likiuzwa Tanga, hakuna atakayeshtuka. Chupa hiyohiyo ikifika Berlini, herufi hizo nne zinasomeka kama wafuasi wa Hitla, na hakuna duka litakaloiweka rafuni. Kule, nazi ibaki kwenye orodha ya viambato tu, ambako sheria ya vipodozi ya Ulaya inataka iandikwe Cocos Nucifera Oil.

Aibu huja upande wetu pia. Kuna kampuni ya Kituruki ya jinzi iitwayo Mavi, yaani buluu. Jaribu kuitangaza Kariakoo bila watu kuangua kicheko!

Kusajili jina BRELA hakukukingi, kwa sababu msajili huangalia kama lina mwenyewe au linafanana mno na la mwingine. Hakuulizi Waturuki wanalielewaje. Kwa hiyo, kabla ya kuchapa lebo, mpe msichana wa kila soko unalolenga jina hilo. Alisome kwa sauti, kisha alitumie katika sentensi: “Nimepaka…” Hapo ndipo matusi yaliyojificha hujitokeza. Usimuulize shangazi yake, maana misimu ya mtaani huenda haijamfikia. Sikiliza pia l na r, kwani wapo wanaozibadilisha, na Lulu ikawa Ruru. Msichana akicheka kabla hajamaliza sentensi, futa jina hilo. Ukianza kueleza ulichokusudia, umeshachelewa.