Kukadiria Shinikizo la Damu kwa Vipimo Vinavyopishana

Mtu akipimwa shinikizo la damu kwa siku kadhaa, namba ya juu hupanda na kushuka hata kama hali yake haijabadilika. Hivyo kipimo kimoja hakitoshi kuamua tiba. Njia aliyoichapisha Rudolf Kalman mwaka 1960 inaeleza jinsi ya kuunganisha vipimo hivyo kimoja baada ya kingine, bila kuvirudia vyote upya.

Kinachohitajika ni kadirio la sasa na kiasi cha shaka juu yake. Kila kipimo kipya kinapofika, hupewa uzito:

uzito = shaka ÷ (shaka + kosa la kipimo)

Kadirio husogezwa kuelekea kipimo kipya kwa uzito huo, kisha shaka huzidishwa kwa (1 − uzito).

Chukua mfano wa mgonjwa wa kubuni. Kadirio la awali ni 140, nalo laweza kukosea kwa takriban 10. Kipimo nacho hukosea kwa takriban 10. Katika hesabu hutumika mraba wa namba hizo, yaani 100 kwa kila moja.

Siku ya kwanza kipimo ni 152. Uzito ni 100 ÷ 200, yaani nusu. Tofauti ni 12, hivyo kadirio huwa 146, na shaka hushuka hadi 50.

Siku ya pili kipimo ni 140. Uzito ni 50 ÷ 150, yaani theluthi. Tofauti ni 6 kwenda chini, hivyo kadirio huwa 144, na shaka hubaki 33.3.

Siku ya tatu kipimo ni 136. Uzito ni 33.3 ÷ 133.3, yaani robo. Kadirio huwa 142, na shaka ni 25. Kipeuo chake cha pili ni 5, kwa hiyo kosa la kadirio limepungua kwa nusu. Hata hivyo, 142 iko karibu mno na kikomo cha 140 kinachotumika kituoni; vipimo zaidi vinahitajika kabla ya kuamua.

Njia hii ina mipaka miwili. Kwanza, mkanda mdogo kuliko mkono huongeza namba kila mara, na kosa la upande mmoja haliondoki kwa kurudia. Pili, uzito huendelea kupungua: kufikia kipimo cha 49 ni 1/50 tu. Dawa ikishusha shinikizo kutoka 142 hadi 122, kipimo cha kwanza baada ya hapo kitasogeza kadirio kwa 0.4 pekee. Dalili yake ni vipimo kuwa chini ya kadirio mfululizo. Hapo shaka hurudishwa kuwa 100, na hesabu huanza upya.