"Haimo" Isiyo Kweli: Kwa Nini IFNA Hufaa Kuliko IFERROR

Anayeandaa ankara kwa Excel hukutana mapema na alama ya `#N/A`. Umeandika namba ya bidhaa, fomula imekwenda kwenye orodha ya bei kuitafuta, haikuiona, ikarudi na alama hiyo badala ya bei. Ukijumlisha safu yenye alama hiyo, jumla nayo inageuka `#N/A`. Huwezi kumkabidhi mteja karatasi ya namna hiyo. Basi mwenzako ofisini anakuelekeza: izungushie IFERROR, itaondoka. Kweli huondoka. Lakini huondoka pamoja na mambo mengine ambayo ulihitaji sana kuyaona.

Tuchukue duka la vifaa vya ujenzi. Faili lao lina karatasi mbili. Ya kwanza inaitwa Bei: safu A ina namba ya bidhaa, B jina, C bei ya katoni, D idadi ya vipande ndani ya katoni, na E bei ya kipande kimoja, ambayo Excel huipata yenyewe kwa kugawa C kwa D. Karatasi ya pili ni ankara: A namba ya bidhaa, B idadi anayotaka mteja, C bei, D kiasi cha kulipa. Bei ya kwenye ankara huletwa na fomula hii:

```
=IFERROR(VLOOKUP(A2,Bei!$A$2:$E$300,5,FALSE),0)
```

Ndani yake VLOOKUP inaambiwa: chukua namba iliyo A2, itafute katika safu ya kwanza ya orodha, ukiipata niletee kilichomo kwenye safu ya 5 ya mstari huohuo. Neno FALSE linataka namba ilingane sawasawa, si kwa kukaribiana. IFERROR, iliyozunguka nje, inasema: likitokea kosa lolote, andika sifuri.

Sasa anaingia mteja na oda ya bidhaa nne. M101 ni misumari, kilo 10 kwa shilingi 4,000. S204 ni saruji, mifuko 20 kwa shilingi 17,000. B310 ni bawaba, 40. Na K415 ni aina mpya ya kitasa iliyofika dukani lakini bado haijaingizwa kwenye orodha. Katoni ya bawaba ni shilingi 60,000 na ina vipande 24, kwa hiyo kila moja ni 2,500. Siku hiyo, hata hivyo, aliyesasisha orodha alifuta ile 24 ili aandike idadi mpya, akaitwa kaunta, akasahau kurudi. Seli ya idadi ikabaki tupu. Bei ya bawaba ikawa 60,000 kugawanywa kwa kitu kisichokuwapo, na Excel ikaandika `#DIV/0!` kwenye orodha.

Angalia ankara itakavyotoka. Misumari 40,000. Saruji 340,000. Bawaba sifuri, kitasa sifuri. Jumla 380,000. Ni tarakimu ya kawaida kabisa, isiyomshtua mtu. Bawaba za shilingi 100,000 zimetoka bure, na kitasa nacho kimetoka bure. Mwenye duka akiziona zile sifuri mbili, atasema ni bidhaa ambazo bado hazijaingizwa, kwa sababu ndivyo alivyozoea kuzisoma. Kumbe moja tu ndiyo haijaingizwa. Nyingine imo, ina jina na ina bei ya katoni, ila hesabu yake imeharibika.

Hapo ndipo ubaya wa IFERROR ulipo. Inatoa jibu moja kwa maswali mawili yasiyofanana. "Nimetafuta, sikukiona" ni taarifa ya kawaida ya biashara. Dawa yake ni kuingiza bidhaa kwenye orodha. "Nimeshindwa kukokotoa" ni hitilafu ya faili lenyewe. Dawa yake ni kutengeneza faili. Excel huyatenganisha vizuri sana. `#N/A` ni ya kutopatikana. `#DIV/0!` ni ya kugawa kwa sifuri au kwa seli tupu. `#REF!` hutokea fomula inapoelekezwa mahali pasipokuwapo. `#NAME?` hutokea jina lililoandikwa halitambuliki. `#VALUE!` hutokea maneno yanapotiwa kwenye hesabu inayotaka tarakimu. IFERROR huyakusanya yote na kuyafunika kwa kifuniko kimoja.

IFNA hushughulikia `#N/A` peke yake. Makosa mengine yote huyaacha yapite kama yalivyo:

```
=IFNA(VLOOKUP(A2,Bei!$A$2:$E$300,5,FALSE),"Haimo")
```

Kwa oda ileile, kitasa sasa kinaandikiwa "Haimo", na bawaba inaandikiwa `#DIV/0!`. Mwandishi wa ankara anajua papo hapo kwamba kitasa kinasubiri kuingizwa, na kwamba mstari wa bawaba kwenye orodha una kasoro. Anakwenda huko, anaiona seli tupu, anaandika 24, na 2,500 inarudi.

Nimeweka neno "Haimo" mahali pa sifuri makusudi. Sifuri ni bei. Inaingia kwenye jumla bila kuuliza, na jumla inaonekana imekamilika hali haijakamilika. Neno haliwezi kudhaniwa kuwa bei. Lakini lina gharama yake: safu ya kiasi ikizidisha idadi kwa neno, italeta `#VALUE!`. Kwa hiyo fomula ya safu D nayo inabadilika:

```
=IF(ISTEXT(C2),"",B2*C2)
```

ISTEXT inauliza kama seli ya bei ina maneno. Ikiwa nayo, kiasi kinaachwa wazi, na SUM huruka seli kama hiyo. Ikiwa seli ya bei ina kosa, kosa si maneno, hivyo hesabu inaendelea na kosa linatokea kwenye kiasi na kwenye jumla pia. Wapo wanaoudhika kuona jumla nzima imegeuka `#DIV/0!`. Mimi nasema hiyo ndiyo kazi ya jumla: ikiwa bei moja haijulikani kwa sababu faili limeharibika, hakuna jumla ya kumpa mteja.

Liko jambo dogo linalowasumbua wengi wanapobadili. Mistari ya ankara ambayo haijajazwa nayo itaandikwa "Haimo", kwa kuwa seli tupu haipatikani kwenye orodha. Usirudi kwa IFERROR kwa sababu hiyo. Uliza kwanza kama kuna namba:

```
=IF(A2="","",IFNA(VLOOKUP(A2,Bei!$A$2:$E$300,5,FALSE),"Haimo"))
```

Kisha, kando ya jumla, weka `=COUNTIF(C2:C50,"Haimo")`. Seli hiyo itakuonyesha ni bidhaa ngapi zimeachwa nje ya jumla. Ikiwa si sifuri, ankara haijawa tayari.

Faida kubwa zaidi huonekana siku mtu anapoligusa faili. Mathalani mmoja anaona safu ya majina kwenye orodha haina kazi na anaifuta. Eneo la orodha linapungua kutoka safu 5 hadi 4, lakini ile 5 ndani ya VLOOKUP haibadiliki. Ni tarakimu tu, haijui kilichofutwa. Fomula sasa inadai safu ya 5 kwenye eneo la safu 4, na jibu ni `#REF!`. Chini ya IFNA ankara nzima inajaa `#REF!` na kila mtu anajua kuna kitu kimevunjika. Chini ya IFERROR iliyoandikwa "Haimo", ankara nzima inajaa "Haimo", na kijana wa kaunta anaanza kuwaambia wateja kwamba bei za saruji na misumari hazijafika. Hakusema uongo kwa makusudi. Faili ndilo lililomdanganya.

Hili unaweza kulijaribu mwenyewe kabla ya kuanza kulitumia faili, na ninasihi ulijaribu. Andika namba ambayo ina uhakika wa kuwamo, uone bei sahihi. Andika namba ya kubuni, uone "Haimo". Kisha badili ile 5 iwe 6. Ukiona `#REF!`, fomula yako inasema kweli. Ukiona "Haimo" au sifuri, bado kuna IFERROR mahali fulani, pengine kwenye safu ya kiasi. Ukimaliza, rudisha 5.

IFNA haioni kila kitu, na ni vizuri kujua inakoishia. Yapo makosa ya kibinadamu ambayo huja yamevaa `#N/A`. Aliyeandika `S204` akaacha nafasi mwishoni hatalingana na `S204` ya kwenye orodha. Kwa macho ni kitu kimoja, ila `=LEN(A2)` itatoa 5 badala ya 4. Tiba ni kuandika `TRIM(A2)` ndani ya VLOOKUP. Namba tupu kama 1045 ikihifadhiwa kama maneno upande mmoja na kama tarakimu upande mwingine, nayo haitapatikana. Na ukisahau zile alama za `$`, eneo la orodha huteleza chini kila unaponakili fomula, na bidhaa za juu ya orodha zinaanza kupotea. Dalili yake ni "Haimo" kuongezeka kadiri unavyoshuka kwenye ankara, hata kwa bidhaa unazoziuza kila siku. Ndiyo sababu ile hesabu ya COUNTIF isiondolewe.

Ukiacha FALSE mwishoni, hali ni mbaya zaidi, kwa sababu VLOOKUP itachukua namba iliyo karibu na inaweza kuleta bei ya bidhaa nyingine bila kosa lolote kuonekana. Hapo hakuna cha kufichwa wala cha kufichuliwa, si kwa IFNA wala kwa IFERROR.

IFERROR ilikuja na Excel 2007, IFNA ikafuata kwenye Excel 2013, na zote zimo pia kwenye Google Sheets na LibreOffice. Pengine ile miaka 6 ya kutangulia imechangia IFERROR kuzoeleka zaidi. Kwenye kompyuta yenye Excel ya zamani kuliko 2013, IFNA haitambuliki, nayo huishia kuonyesha `#NAME?`. Huko itabidi utumie `IF(ISNA(...),"Haimo",...)` na kuiandika VLOOKUP mara mbili: mara ya kwanza kuuliza kama haikupatikana, mara ya pili kuleta bei.

Walio na Excel 2021 au Microsoft 365 wana XLOOKUP, ambayo ina nafasi yake yenyewe ya jibu la kutopatikana:

```
=XLOOKUP(A2,Bei!$A$2:$A$300,Bei!$E$2:$E$300,"Haimo")
```

Hii ni makini hata kuliko IFNA. "Haimo" hutokea pale tu namba yenyewe isipokuwamo kwenye safu A. Ikiwa namba imo lakini seli yake ya bei ina `#N/A`, labda kwa sababu nayo inasoma orodha ya msambazaji na haikuona kitu, IFNA ingeandika "Haimo" kana kwamba bidhaa haijulikani dukani. XLOOKUP inaileta `#N/A` hiyo ilivyo, na safari hii wa kufuatwa ni yule anayetunza orodha ya msambazaji.