Viunganishi katika Maswali ya Kujaza Mapengo

Mwaka 1953 Mmarekani Wilson Taylor alipendekeza njia ya kupima ugumu wa matini: maneno hufutwa kwa mpangilio maalumu, kwa mfano kila neno la tano, na msomaji hutakiwa kuyarudisha. Njia hiyo ilipoingia katika mitihani ya shule, watungaji wengi waliacha kuhesabu maneno, wakaanza kuchagua wenyewe mahali pa kuweka pengo. Ndivyo ilivyokuwa katika karatasi ya Kiswahili ya mtihani wa kuhitimu elimu ya msingi nchini Kenya, uliofanywa tangu 1985 hadi 2023. Kwa miaka mingi, maswali 15 ya kwanza kati ya 50 yalikuwa mapengo katika vifungu, kila pengo likiwa na majibu manne, na mtahiniwa aliambiwa achague jibu lifaalo zaidi.

Makala haya yanahusu mapengo ya aina moja tu, yale yanayodai kiunganishi. Hoja yetu ni kwamba pengo la namna hii likitungwa vyema, kila jibu lisilo sahihi humwonyesha mwalimu kosa tofauti la usomaji. Tuchukue kifungu hiki, tulichokitunga kwa ajili ya maelezo:

Wakulima wa kijiji hicho walipanda mahindi mapema. Mvua ya Machi ilichelewa kwa majuma matatu. ___ mavuno yao yalikuwa mengi kuliko ya mwaka uliotangulia, kwani walikuwa wamechimba mitaro ya kuhifadhi maji.

A. Licha ya   B. Ingawa   C. Kwa hivyo   D. Hata hivyo

Jibu A huwanasa wengi kwa sababu “licha ya” hufuatwa na nomino, na hapa nomino “mavuno” imelifuata pengo moja kwa moja. Anayelichagua amesoma maneno mawili matatu tu mbele ya pengo. Angelifika kwenye kitenzi “yalikuwa” angeona kuwa sentensi imeharibika. Jibu B linakubaliana na kitenzi hicho, lakini “ingawa” huifanya sentensi kuwa tegemezi, na kishazi kikuu cha kuikamilisha hakipo. Anayelichagua ametambua kuwa pana ukinzani, ila hakufika mwisho wa sentensi.

Jibu C ni la hatari zaidi, kwa kuwa kisarufi halina dosari. Mtahiniwa aliyekumbuka kuwa wakulima walipanda mapema, akaruka habari ya mvua, ataona ni haki mavuno yawe mengi. Kosa lake ni la kuunganisha sentensi ya kwanza na ya tatu huku ya pili ikisahauliwa. Jibu D ndilo sahihi. Mvua iliyochelewa hutufanya tutarajie mavuno haba, nasi tunaambiwa kinyume chake. Kishazi kinachoanza na “kwani” kinathibitisha hilo, maana kinaeleza jinsi jambo lisilotarajiwa lilivyowezekana.

Hapa mtungaji anapata jaribio jepesi la kulipima swali lake. Abadili neno moja baada ya pengo, yaani “mengi” liwe “machache”, na akiondoe kishazi cha mwisho. Jibu linageuka kuwa “kwa hivyo”. Pengo ambalo jibu lake halibadiliki baada ya mabadiliko kama hayo halipimi uhusiano wa hoja. Linapima sarufi ya sentensi moja.

Pana mapengo ambayo hata wataalamu hawaafikiani. Katika “Hawakuyauza mahindi ___ waliyahifadhi ghalani”, jibu lifaalo zaidi ni “bali”, kwa kuwa sehemu ya pili inasahihisha kilichokanushwa. Walakini si rahisi kumshawishi mtahiniwa kuwa “lakini” ni kosa. Busara ni kutoyaweka maneno hayo mawili pamoja katika swali kama hilo. Katika “Waliyahifadhi ghalani ___ panya waliyala”, hakuna mgogoro: hakuna kilichokanushwa, hivyo “bali” haliwezi kukaa.

Yafaa pia kukumbuka mpaka wa kipimo hiki. Katika Kiswahili cha Lubumbashi “juu ya” hueleza sababu, na katika mazungumzo ya Nairobi “juu” hufanya kazi iyo hiyo. Mwanafunzi aliyelelewa katika lugha hiyo anaweza kuutambua uhusiano wa sababu barabara, kisha akashindwa kuchagua kati ya “kwa kuwa”, “maadamu” na “mradi” kwa sababu ya ugeni wa maneno yenyewe. Karatasi ya majibu haiwezi kumtenganisha na yule ambaye hakuielewa hoja. Mwalimu anaweza: amwombe aeleze kwa maneno yake jinsi sentensi hizo mbili zinavyohusiana, kabla ya kumwonyesha machaguo. Akieleza sawasawa, anachohitaji ni msamiati. Akishindwa, arudishwe kwenye kifungu, akisome upya tangu sentensi iliyotangulia pengo.