Pima Fulana Kabla ya Kulipa

Ukienda kuagiza fulana za kwaya, za timu au za wafanyakazi wa duka lako, mchapaji atakuuliza unataka za gramu ngapi. Atakutajia 140, 160 na 180, na kila namba inapopanda, bei nayo inapanda. Namba hiyo ni uzito wa kitambaa: ukikata kipande cha mita moja kwa mita moja na kukiweka kwenye mizani, kitakuwa na gramu hizo. Kwenye lebo na orodha za bei huandikwa GSM.

Fulana nyingi za kugawa bure huwa kati ya gramu 120 na 140. Ingiza mkono ndani yake, inyanyue kwenye mwanga, na vidole vitaonekana. Kati ya 150 na 180 ndizo za kuvaa kila siku. Kuanzia 200 ni nzito na hukaa vizuri mwilini, lakini mtu wa Dar es Salaam au Mombasa atatoka nazo jasho. Kwa hiyo namba kubwa haimfai kila mtu. La muhimu ni kujua kama namba uliyotajiwa ndiyo unayolipia, na hilo unaweza kulihakiki kwa futi ya fundi cherehani na mizani ndogo ya jikoni.

Omba sampuli ambayo haijachapwa, kwa sababu rangi ya kuchapa nayo ina uzito. Tuseme ni saizi ya L, na muuzaji anasema ni ya gramu 180. Itandaze mezani bila kuivuta. Upana kifuani ni sentimita 54 na urefu ni 72. Zidisha, kisha zidisha tena kwa mbili kwa kuwa kuna mbele na nyuma: unapata 7,776. Kila mkono una urefu wa sentimita 20 na upana wa wastani wa 20. Mikono miwili, mbele na nyuma, inaongeza 1,600. Jumla ni sentimita za mraba 9,376, yaani mita za mraba 0.94 hivi. Sasa ipime uzito. Mizani ikisoma gramu 150, gawanya 150 kwa 0.94. Jibu ni 160, wala si 180. Fulana ya 180 yenye vipimo hivyo ingekaribia gramu 169.

Hesabu hii ni ya makadirio. Tundu la shingo linapunguza kitambaa, mikunjo na ukosi vinakiongeza. Haitoshi kutenganisha 160 na 165, lakini fulana ya 130 iliyouzwa kwa jina la 180 haitapita.

Usiishie hapo. Ifue sampuli, ikauke kabisa, kisha irudie kuipima mahali palepale, maana pamba hunyonya unyevu wa hewani. Kama uzito umepungua waziwazi, kuna wanga au dawa iliyotiwa kiwandani ili kitambaa kionekane kizito, nayo imetoka na maji. Kama uzito ni uleule lakini vipimo vimepungua, fulana imeruka. Tuseme ile yetu imebaki na upana wa 51, urefu wa 68, na mikono ya 19 kwa 19. Eneo lake sasa ni mita za mraba 0.84, na 150 ukigawanya kwa 0.84 unapata karibu 179. Imefika kwenye namba ya muuzaji bila kuongezwa hata uzi mmoja. Ndiyo maana kipimo cha kwanza kichukuliwe kabla ya kufua.

Lipo jambo ambalo mizani haiwezi kukuambia: uzi wenyewe ukoje. Pamba iliyochanwa vizuri huondolewa nyuzi fupi, na uzi wake huwa laini na imara. Nyuzi fupi zikibaki, ncha zake hujitokeza na kusokotana kuwa vipele juu ya nguo. Fulana ya 150 yenye uzi mzuri uliofumwa kwa kubana inaweza kudumu kuliko ya 180 yenye uzi hafifu. Itazame kwenye mwanga: ikiwa na mabaka, huku pazito na kule pepesi, uzi wake haulingani. Ivute upana na uiachie, isiporudi, itaning'inia. Baada ya kufua, angalia mshono wa ubavuni. Ukizunguka kuelekea tumboni, kitambaa kimejipinda na pasi haitakinyoosha moja kwa moja.

Ukiridhika, andikeni kwenye oda namba ya gramu, aina ya pamba na tofauti mnayokubaliana, kwa mfano asilimia 5 juu au chini. Weka sampuli ya saizi ileile ambayo haijafuliwa. Mzigo ukifika, chomoa fulana chache kutoka katikati ya furushi na uzilinganishe nayo kwenye mizani kabla ya kumalizia malipo.