Kodi ya Miezi Sita Ikiisha, Anarudi

Katika mitaa mingi ya Dar es Salaam mwenye nyumba hapokei kodi ya mwezi mmoja. Anataka ya miezi sita kwa mkupuo, na wengine ya mwaka mzima. Kijana hujikusanya mara ya kwanza kwa kukopa na kuchangiwa, akahama, akaishi miezi sita bila kuweka akiba, kisha akadaiwa mkupuo ule ule. Hapo ndipo anaporudi kwao. Wazazi humwita mvivu, na pengine ni mvivu kweli, lakini kwanza waulize chumba kilimshinda kwa lipi.

Tuchukue mfano wa dereva wa bodaboda wa miaka 28 aliyerudi mara ya tatu. Chumba chake kilikuwa shilingi 60,000 kwa mwezi, yaani 360,000 kwa mkupuo. Nyumbani anakula, anaoga, anachaji simu, hatoi hata senti. Akiambiwa achangie, hutoa 5,000 siku moja, basi. Ombi la namna hiyo halina kiasi wala tarehe. Afadhali akabidhiwe kitu kimoja kiwe chake: umeme wa LUKU, 20,000 kila mwanzo wa mwezi.

Kabla ya hapo baba na mama wakubaliane faraghani, kisha waitishe kikao pamoja na shangazi au mjomba anayemheshimu. Kijana aeleze wiki yake: amepata ngapi, mafuta ngapi, hesabu ya tajiri ngapi, mikopo ya simu na mikeka ngapi. Mikeka ikionekana inakula fedha, wazazi wasimlipie madeni. Akiwa anatumia unga, au hatoki kitandani wiki nzima, hilo ni la hospitali kabla ya kuwa la kodi.

Mbali na umeme, kila Jumapili aweke 15,000. Kwa wiki 24 itatimia 360,000. Fedha zikae kwa shangazi, si kwa mama, kwa sababu mama ataombwa na atatoa.

Mpango huu huvunjika usiku wa kwanza LUKU inapokatika. Mama anaona giza, anashika simu, ananunua, na kuanzia hapo kijana anajua kwamba yale ya kikaoni yalikuwa maneno tu. Wawashe mshumaa, wasubiri. Kama mama anauza barafu na hawezi kusubiri, basi kijana asipewe umeme tangu mwanzo. Apewe gesi, maana ikiisha mkaa upo.

Wiki ya 24 shangazi aende naye kwa mwenye nyumba, akabidhi fedha mwenyewe. Jumapili hiyo hiyo kijana aanze kuweka 15,000 za kodi inayofuata. Asipoanza, atarudi tena baada ya miezi sita.